Kahawa ya loji inatutia hasara, au mimi ndiye sijui hesabu?

Mwalimu, salaam.

Natunza vitabu vya karakana ndogo ya kukaanga kahawa hapa Kasese, Uganda, na jioni nasomea CPA. Tuna kahawa za aina mbili. Ya kwanza tunaiita Kawaida: kilo 1,800 kwa mwezi, inaenda madukani kwa shilingi 25,000 kwa kilo. Ya pili ni Mlima: kilo 200 tu, inachukuliwa na loji za watalii kwa 55,000, kila loji na lebo yake.

Buni na pakiti zinatugharimu 16,250 kwa kilo ya Kawaida na 22,750 kwa Mlima. Kazi ya mikono ni robo saa kwa kilo ya Kawaida na robo tatu ya saa kwa Mlima, na saa moja tunailipa 3,000. Ovahedi za mwezi, yaani gharama nyingine zote nje ya buni, pakiti na mikono, ni milioni 12, na siku zote tumezigawa kwa saa za kazi. Kwa njia hiyo kilo ya Mlima inatupa faida ya 15,000 na ya Kawaida 3,000 tu. Ndiyo maana Mama, mwenye karakana, anataka tutafute loji zaidi.

Darasani tumefundishwa ABC, njia ya kugawa ovahedi kwa kufuata shughuli zinazozisababisha, nikataka kuijaribu. Nikazichambua ovahedi kwa kutumia madaftari yetu. Mashine ya kukaangia inakula milioni 4.8 kwa saa 160 (Kawaida 120, Mlima 40). Kuiandaa mashine, yaani kuisafisha, kuipasha moto na kurekebisha kinu, milioni 3 kwa mara 40 (Kawaida 12, Mlima 28). Kushughulikia oda, yaani lebo, kupima, kufungasha na karatasi zake, milioni 4.2 kwa oda 60 (Kawaida 18, Mlima 42). Nimepata viwango vya 30,000, 75,000 na 70,000. Nikavijumlisha, 175,000 kwa kilo. Kwa hiyo Mlima ikawa inagharimu 200,000 na Kawaida 192,000! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nimekosea wapi? Na Mlima tuendelee nayo au tuiache?

Mtunza vitabu, Kasese

*

Ndugu yangu, viwango vyako vitatu ni sahihi kabisa. Umeharibu pale ulipovijumlisha. Hiyo 30,000 ni ya saa moja ya mashine. Hiyo 75,000 ni ya kuandaa mashine mara moja. Hiyo 70,000 ni ya oda moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho cha kilo. Ni kama mtu ajumlishe mbuzi mmoja, debe moja na siku moja, kisha aseme ana vitatu. Vitatu vya nini?

Na hapakuwa na haja ya kumngoja Mama acheke. Zidisha hiyo 175,000 kwa kilo zote 2,000 mnazotoa kwa mwezi, utapata milioni 350, na ovahedi zenu zote ni milioni 12. Hesabu ya gharama haizai gharama mpya. Kila ukimaliza, zidisha gharama ya kilo kwa idadi ya kilo, jumlisha bidhaa zote, uone kama umerudi kwenye kiasi ulichoanza nacho. Usiporudi, usimpe mtu yeyote karatasi hiyo.

Kabla ya kurekebisha, tuangalie kwanza njia yenu ya zamani inadai nini. Saa za kazi ni 450 za Kawaida na 150 za Mlima, jumla 600. Milioni 12 kwa saa 600 ni 20,000 kwa saa. Kwa hiyo kilo ya Kawaida inabeba ovahedi ya 5,000 na kilo ya Mlima 15,000, na ukijumlisha, milioni 9 zinaangukia Kawaida na milioni 3 Mlima. Kihesabu hakuna kosa. Ila nyuma yake kuna dai moja zito, kwamba kila shilingi ya gesi, ya umeme wa Yaka, ya fundi na ya lebo inafuata mikono ya wafungashaji. Palipo na saa nyingi za mikono ndipo ovahedi ilipotumika. Dai hilo lilikuwa na maana kwenye viwanda ambavyo mishahara ya vibarua ndiyo iliyokuwa gharama kubwa na bidhaa zilifanana. Kwenu mishahara hiyo ni milioni 1.8 na ovahedi ni milioni 12. Yaani mnapima tembo kwa mkia wake.

Tazama daftari lako mwenyewe. Mlima ni sehemu moja ya kumi ya kilo zenu, lakini ndiyo iliyosababisha mashine kuandaliwa mara 28 kati ya 40, na ndiyo yenye oda 42 kati ya 60. Njia ya saa za kazi haikuuliza hata mara moja mashine imesafishwa kwa ajili ya nani.

Sasa hatua uliyoiruka. Kila kiwango kizidishe kwa idadi ya kisababishi chake kilichotumiwa na bidhaa, upate shilingi za mwezi mzima. Mwisho kabisa ndipo ugawe kwa kilo. Mashine: Kawaida ni saa 120 kwa 30,000, sawa na 3,600,000, ukigawa kwa kilo 1,800 unapata 2,000. Mlima ni saa 40, sawa na 1,200,000, ukigawa kwa kilo 200 unapata 6,000. Fanya vivyo hivyo kwa mafungu mawili ya ovahedi yaliyobaki, utapata hivi kwa kila kilo:

| | Kawaida | Mlima |
|---|---|---|
| Buni, pakiti na mikono | 17,000 | 25,000 |
| Saa za mashine | 2,000 | 6,000 |
| Kuandaa mashine | 500 | 10,500 |
| Oda | 700 | 14,700 |
| Gharama kwa ABC | 20,200 | 56,200 |
| Gharama kwa saa za kazi | 22,000 | 40,000 |
| Bei | 25,000 | 55,000 |

Jipime. Ovahedi ya Kawaida ni 3,200 mara 1,800, sawa na 5,760,000. Ya Mlima ni 31,200 mara 200, sawa na 6,240,000. Jumla milioni 12. Tumerudi nyumbani.

Kwa hiyo kilo ya Kawaida, ile mnayoiona kama kahawa ya kusindikiza, inaleta 4,800, na kilo ya Mlima inapoteza 1,200. Lakini faida ya mwezi kwa njia zote mbili ni ileile, milioni 8.4. Piga mwenyewe uone: 5.4 na 3.0 kwa njia ya zamani, 8.64 kutoa 0.24 kwa ABC. Hakuna shilingi iliyoingia wala kutoka kwenye sanduku. Kilichobadilika ni jina la aliyeibeba. Ukiulizwa kwenye mtihani ulinganishe njia mbili, watahiniwa wengi huandika "ABC ni sahihi zaidi" na kuishia hapo. Mtahini anataka kusikia kwa nini hasa: bidhaa ya wingi ilikuwa ikibebeshwa mzigo wa bidhaa ya oda ndogondogo, kwa sababu kuandaa mashine na kushughulikia oda hakuongezeki kwa saa za mikono. Na mtaje milioni 3.24 zilizohama kutoka Kawaida kwenda Mlima, maana maelezo yasiyo na tarakimu hayana uzito.

Hapo mtihani umekwisha, lakini karakana haijaisha. Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Hiyo 56,200 ina udanganyifu ndani yake, kwa sababu tumeilazimisha kuwa ya kilo. Kilo haisafishi mashine. Oda ndiyo inayoisafisha. Tuifungue hesabu upya bila kuigawa kwa kilo. Oda yoyote ya Mlima ikiingia, inakuja na 70,000 za kushughulikiwa. Mashine imeandaliwa mara 28 kwa oda 42, yaani mara mbili kwa kila oda tatu, kwa hiyo kila oda inachukua theluthi mbili ya 75,000, ambayo ni 50,000. Jumla 120,000, na bado hujapima hata punje moja. Baada ya hapo kila kilo inaongeza 25,000 za buni na mikono na 6,000 za mashine, yaani 31,000. Mnauza kwa 55,000. Kila kilo inabakiza 24,000 za kulipia ile 120,000 ya mlangoni.

Gawa 120,000 kwa 24,000. Kilo tano.

Loji ikiagiza kilo tano hasa, hamna faida wala hasara. Ikiagiza mbili, mnapokea 110,000 kwa kazi iliyogharimu 182,000, na mmeipa loji zawadi ya 72,000 juu ya kahawa. Ikiagiza kumi, mnapokea 550,000 kwa gharama ya 430,000 na kubaki na 120,000. Wastani wa oda zenu ni kilo 200 kwa oda 42, kama kilo nne na robo tatu, chini kidogo tu ya mstari. Ile hasara ya 240,000 yote inatoka hapo. Mlima kama kahawa haina ubaya. Kuna oda za Mlima zinazowalisha na kuna oda zinazowala, na wastani umezificha zote nyuma ya namba moja.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari la oda, uzipange zote 42 kwa ukubwa. Natarajia utakuta loji mbili tatu zinazochukua kilo nane au kumi kwa mpigo, na nyingi zinazoagiza kilo mbili kila wiki kwa sababu meneja anapenda kahawa iliyokaangwa jana. Hao wa pili ndio wa kuzungumza nao. Mama anaweza kuweka kiwango cha chini cha oda, au kutoza ada kwa oda iliyo chini ya kilo tano, au kupunguza bei kidogo kwa atakayeagiza mara moja kwa mwezi badala ya mara nne. Mimi ningeanza na hilo la mwisho, maana mteja akiambiwa punguzo husikiliza, akiambiwa ada hutafuta mkaangaji mwingine.

Uliza pia jambo moja kwa fundi wa mashine. Je, kahawa za loji hizo kweli hukaangwa tofauti, au zinatofautiana lebo tu? Kama loji nne zinakunywa ukaangaji uleule wa kati, hakuna sababu ya kuisafisha na kuipasha mashine mara nne. Kaanga mara moja siku ya Jumanne, gawanya kwenye pakiti, bandika lebo nne. Na utaona faida ya pembeni. Saa 40 kwa kilo 200 ni kilo 5 kwa saa, wakati Kawaida inatoka kilo 15 kwa saa, na hiyo inaniambia kwamba ngoma ya mashine inazunguka ikiwa imejaa theluthi tu.

Sasa nikutahadharishe, maana ABC nayo ina jeuri yake. Umehesabu oda kwa idadi, kana kwamba oda zote ni sawa. Lakini oda ya Kawaida ni kilo 100 kwa wastani na ya Mlima haifiki 5. Je, kufungasha kilo 100 za duka kunachukua muda uleule wa kufungasha kilo 5 za loji? Sijui mnavyofanya, lakini chukulia oda ya duka inakula muda mara tatu. Basi zile 18 zihesabu kama 54, ongeza 42, upate 96. Milioni 4.2 kwa 96 ni 43,750. Mlima sasa inabeba 9,187 na kitu kwa kilo badala ya 14,700, gharama yake inashuka hadi kama 50,690, na ile hasara ya 1,200 inageuka faida ya 4,300. Kahawa ni ileile, mwezi ni uleule, tumebadilisha tu jinsi ya kuhesabu oda. Kwa hiyo usiende kwa Mama kusema "Mlima inapoteza 1,200" kana kwamba umeipima kwa mizani ya dhahabu. Mpe mfungashaji saa ya ukutani na karatasi kwa wiki mbili, aandike kila oda ilianza lini na ikaisha lini. Kinachosimama vyovyote vile ni kwamba Mlima haileti 15,000 kwa kilo. Ukitumia muda wowote wa kweli, hutarudi huko.

Je, kuiacha kabisa? Hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha sabuni. Tukafanya hesabu kama yako, tukagundua sabuni ndogo za hoteli zinatia hasara, tukazifuta kwa furaha. Mwezi uliofuata mlinzi alilipwa mshahara uleule, kodi ya jengo ileile, fundi yuleyule, na mzigo wote ukaangukia sabuni ya mche. Nayo ikaanza kuonekana ya hasara.

Kwenu ingekuwa hivi. Kila kilo ya Mlima inaleta 55,000 na kuondoka na 25,000 za moja kwa moja, inabaki 30,000. Kwa kilo 200 ni milioni 6 zinazosaidia kulipa ovahedi. Ukiiacha, unapoteza hizo milioni 6 mara moja. Unachookoa si milioni 6.24 za kwenye jedwali. Unaokoa gesi, umeme kidogo, lebo, na buni inayoharibika mashine ikipashwa. Tuseme milioni 1.5, na hapo nimekuhurumia. Kawaida peke yake inaleta 8,000 mara 1,800, yaani milioni 14.4. Toa ovahedi milioni 10.5 zilizobaki, faida ni milioni 3.9. Mmeshuka kutoka 8.4 kwa kufuta bidhaa "ya hasara". Tena nimekubali kwamba mishahara ya zile saa 150 nayo ingeondoka, jambo ambalo kwa wafanyakazi wa mshahara wa mwezi halitokei.

Ni vivyo hivyo mkipunguza maandalizi ya mashine kutoka 28 hadi 14. Jedwali litasema mmeokoa 1,050,000. Sanduku litaona sehemu ndogo tu ya hizo, kwa sababu fundi bado yupo. Ulichopata ni muda wake. Muda huo ukikaangia kilo nyingine za Kawaida, ambazo mna wanunuzi wake, umekuwa pesa. Akiutumia kukaa chini ya mwembe, mwembe ndio umefaidi.

Jambo dogo la mwisho, la vitabu. Sijaona nauli ya kupeleka kahawa kwa loji kwenye orodha yako. Kama umeificha ndani ya ile milioni 4.2, itoe. Gharama ya kuuza na kupeleka kwa mteja haiingii kwenye thamani ya stoku chini ya IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa stoku, na ukiibakiza, kahawa iliyo stoo siku ya kufunga vitabu itaonekana ya thamani kuliko ilivyo. Ila ukiwa unapanga zile oda 42, iandike pembeni ya kila loji. Pikipiki ya kwenda kwenye loji ya Mweya na pakiti mbili za kilo inalipwa sawa na ya kwenda na pakiti kumi, na huenda ile kilo tano ikawa kilo saba.